Taa ya Premio "2005" inarudishwa kila mara: tuandikeje modeli na mwaka kwenye tangazo la spea?

#1 MamaSpea

Wakuu habari zenu. Nauza spea za Toyota zilizotumika, kwa mtandao tu. Kitu kinachonirudia kuliko vyote ni taa za nyuma za Premio. Nina matangazo mawili, yako hivi:

"Taa ya nyuma Toyota Premio 2001–2004, kulia."
"Taa ya nyuma Toyota Premio 2005–2007, kulia."

Watu wanaangalia mwaka wa gari lao, wanachagua, wanalipa, na taa ikifika haiingii. Mteja wa karibuni alinitumia picha ya kadi ya gari. Imeandikwa 2005 waziwazi, naye aliagiza ya 2005–2007 kama tangazo linavyosema. Halafu akanitumia picha ya gari kwa nyuma: lina taa za sura ya kwanza kabisa, zile za 2001. Alisoma vizuri, na nilichomtumia ndicho nilichokiandika. Sasa tatizo liko wapi, na tangazo liandikwe vipi? Taa ikisafiri kwenda na kurudi, masikio yake ya kufungia huvunjika, kwa hiyo hata ikirudi haiuziki tena.

#2 Dereva_Mstaafu

Wateja hawasomi dada. Wanaona picha, wanaona neno Premio, wanabonyeza. Hata uandike kitabu.

#3 BoltiNane

Acha kabisa kuandika mwaka. Andika namba ya modeli ya chesisi. NZT240 ni NZT240, haijali kadi inasema nini. Mimi nikiletewa gari gereji siulizi mwaka, nafungua boneti nasoma bamba. Andika "NZT240" kwenye kichwa cha tangazo na kesi imeisha.

#4 MamaSpea

@Dereva_Mstaafu huyu alisoma, ndiyo maana nimeuliza. Kama angekuwa hajasoma nisingeanzisha uzi.

@BoltiNane asante, ila Premio ya 2002 na ya 2006 zote zinaweza kuwa NZT240. Si bado nitampelekea taa isiyo yake?

#5 MzeeWaKatalogi

MamaSpea uko sahihi. BoltiNane amekupa nusu ya jibu, nami naongeza nusu niliyonayo.

Gari lako hilo lilianza kuuzwa Japani Desemba 2001 kwa chesisi za familia ya T240. Desemba 2004 likabadilishwa sura: taa za mbele, taa za nyuma, bampa. Chesisi ikabaki ileile. Juni 2007 likaja gari jipya kabisa, T260. Kwa hiyo ndani ya jina moja "Premio" kuna mipaka miwili, na hakuna hata mmoja unaoangukia tarehe mosi Januari.

Mteja wako mwenye kadi ya 2005 hana siri. Cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani kinaonyesha tarehe ya kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Gari linaweza kutengenezwa Novemba 2004, likakaa kwa muuzaji, likasajiliwa Februari 2005. Kadi ya nchi lilikoenda ikanakili 2005. Sasa gari lina mwaka 2005 kwenye karatasi na taa za kabla ya Desemba 2004 mgongoni. Kila aliyeandika aliandika ukweli, ila karatasi inataja siku ya kusajiliwa na taa inafuata siku ya kutengenezwa.

Mwaka 2007 ndio mbaya zaidi. Mtu akikuambia "nina Premio ya 2007" anaweza kuwa na T240 ya miezi ya mwisho au T260 ya miezi ya kwanza. Hayo ni magari mawili tofauti, na kwa taa na bampa hayakutani popote.

#6 Kipepeo_88

Shikamoo mzee #5. Samahani natoka kidogo nje: nina Premio ya 2003, naweza kufunga taa za sura ya pili ili ionekane mpya? Nimeona mtu kafanya.

#7 BoltiNane

@Kipepeo_88 mama anauliza jinsi ya kuandika tangazo wewe unauliza urembo 😄

#8 MzeeWaKatalogi

Marahaba. Hilo sitakujibu kwa kukisia. Chukua taa mbili uziweke mezani, linganisha nafasi za boliti, umbo la ukingo unaokutana na bodi na soketi ya waya. Kimoja kikikataa, jibu umelipata.

Ila swali lako linamhusu MamaSpea kuliko unavyodhani. Kuna wanunuzi wanaoagiza taa ya sura nyingine kwa makusudi ili wabadilishe sura ya gari, halafu isipokaa wanasema wametumiwa siyo. Hao tangazo liwaambie mapema.

#9 Taa_Nyekundu

Mnahangaika bure. Kwenye namba ya gari ya tarakimu 17, herufi ya kumi ndiyo mwaka wa modeli. 4 ni 2004, 5 ni 2005. Muulize mteja herufi ya kumi, basi.

#10 MzeeWaKatalogi

@Taa_Nyekundu hiyo ni kweli kwa magari yaliyotengenezewa soko la Marekani na Kanada. Premio iliuzwa Japani, na magari ya soko la ndani la Japani hayana namba ya tarakimu 17. Yana modeli ya chesisi, kistari, halafu namba ya mfululizo, mfano NZT240-xxxxxxx. Hakuna herufi ya mwaka humo. Hata magari mengi ya Ulaya yenye tarakimu 17, nafasi ya kumi si lazima iwe mwaka.

Na hata huko Marekani, mwaka wa modeli huanza kabla ya mwaka wa kalenda. Gari la modeli ya 2005 linaweza kutoka kiwandani 2004. Kwa hiyo muuzaji wa huko naye lazima aseme kama "2005" yake ni ya modeli au ya kutengenezwa.

#11 Taa_Nyekundu

Sawa mzee, nimekuelewa kwa Japani. Lakini kwa wale wenye tarakimu 17 za Marekani bado ni njia nyepesi kuliko kuomba picha.

#12 Binti_Giaboksi

Naona mmejikita kwenye mwaka, ila mimi nanunua sana na tatizo langu ni lingine. Allion. Allion nayo ni NZT240. Allion na Premio ni mapacha wa tumbo moja waliovishwa nguo tofauti. Injini hiyohiyo, sehemu nyingi za chini hizohizo, lakini taa, bampa na grili kila mmoja na zake. Ukifuata ushauri wa #3 ukaandika "Taa ya nyuma NZT240", mwenye Allion atasoma bamba lake, ataona NZT240, atalipa akiwa na uhakika kamili. Na taa haitaingia.

Mimi nina Allion. Nimewahi kununua taa kwa muuzaji fulani aliyeandika chesisi tu, nikapelekewa ya Premio. Alinijibu "si umesema NZT240?" Nilisema, na ni kweli.

#13 BoltiNane

Hiyo ya Allion naikubali, kwa taa. Ila kwa vitu vya chini na vya injini msimamo wangu uko palepale, chesisi inatosha.

#14 FundiWaKona

Haitoshi hata chini, Bolti. Kuna NZT240 ya injini ya 1.5, ZZT240 ya 1.8, AZT240 ya 2.0, na ZZT245 ambayo ni 1.8 fowili. Hapo chesisi inakusaidia kweli, kwa sababu herufi za mwanzo zinafuata injini na tarakimu ya mwisho imeitenga fowili. Lakini njoo kwenye beringi ya gurudumu au shafti. Chesisi moja, mwaka mmoja, moja ina ABS nyingine haina. Yenye ABS inahitaji pete ambayo sensa inaisoma. Ukifunga isiyo na pete, gari litatembea vizuri tu, ila taa ya ABS itawaka kwenye dashibodi na mfumo hautafanya kazi. Mteja anarudi wiki ijayo anasema umemuuzia beringi mbovu. Beringi ni nzima, siyo yake tu.

#15 MamaSpea

Sasa naanza kuona kitu. Kwa hiyo kila kipuri kina kinachokifuata? Taa inafuata sura ya bodi na mwezi wa kutengenezwa, beringi inafuata ABS, kichujio cha oili kinafuata injini?

#16 MzeeWaKatalogi

Hapo ndipo penyewe. Kabla hujaandika tangazo jiulize: kiwanda kilipobadilisha kitu gani, kipuri hiki nacho kilibadilika? Hicho ndicho cha kuandika kwanza.

Chukua kichujio cha oili cha injini ya 1NZ-FE. Injini hiyo imo kwenye NZT240, kwenye Corolla NZE121, Probox NCP51, hata kwenye NZT260 iliyokuja baada ya 2007. Ukiandika "Premio 2001–2004" umewafukuza wanunuzi ambao kingewafaa. Pale andika injini, kisha taja magari. Mwaka karibu hauna kazi.

Taa ya nyuma ni kinyume chake. Injini haina kazi. 1.5 na 2.0 za sura moja zinafanana nyuma. Cha kuandika ni jina la gari (Premio, si Allion), sura ya kwanza au ya pili, na upande.

Makosa mengi ninayoyaona ni ya muuzaji mwenye fomu moja kwa vipuri vyote: modeli, mwaka, basi. Fomu hiyo inafaa kwa vipuri vichache sana.

#17 Dereva_Mstaafu

Fomu mnaisingizia. Wauzaji wenyewe ndio wanaoharibu. Ingia utafute taa ya Premio, utakuta kichwa: "Taa Premio Allion Corolla Fielder Wish Vitz Probox". Taa moja itaingiaje magari saba? Wanajaza majina ili waonekane kila mtu anapotafuta. Mnunuzi anaona jina la gari lake kwenye kichwa, anaamini. Hapo mwezi wa kutengenezwa unahusiana na nini?

#18 Binti_Giaboksi

#17 nakuunga mkono kwa mara ya kwanza toka nijiunge hapa.

#19 Dereva_Mstaafu

Andika tarehe.

#20 MamaSpea

Mimi sijazi majina, na bado zinarudi. Ila ni kweli mtu akitoka kwenye matangazo ya namna hiyo akaja kwangu, ameshazoea kwamba jina kwenye kichwa halimaanishi kitu. Anaacha kusoma, anatazama picha tu.

#21 PistoniMpya

Huku kwenye pikipiki hali ni mbaya zaidi. Mtu anaandika "pistoni ya Boxer". Boxer ipi? Kuna ya 100, kuna ya 150, pistoni hazikaribiani. Na hata akiandika 150 bado hajamaliza, kwa sababu silinda ikishachongwa pistoni ya saizi ya kiwandani haifai tena. Kuna ya kuongeza 0.25, 0.50, 0.75 mpaka 1.00 ya milimita. Mteja ana Boxer 150 ya mwaka huohuo kabisa, ila injini yake ilichongwa zamani na mwenye awali, yeye hajui. Analeta pistoni ya kiwandani, inacheza ndani ya silinda, pikipiki inakula oili na kugonga.

Hapo mwaka na modeli vyote viko sawa na kipuri bado si chake. Mimi naandika saizi kwenye kichwa cha tangazo, na chini naweka: "Angalia namba iliyogongwa juu ya pistoni yako ya zamani kabla ya kuagiza." Imesaidia mno.

#22 FundiWaKona

Hii ya #21 ina somo kwa magari pia. Mwambie mnunuzi atazame kitu kilichopo mkononi mwake. Taa za Toyota nyingi zimetengenezwa na Koito au Stanley, na kwenye lenzi kuna namba ndogo imechapwa, mara nyingi pembeni chini. Sura ikibadilika namba inabadilika. Piga picha karibu ya namba hiyo kwenye taa unayouza, iandike kwenye tangazo, mwambie mnunuzi alinganishe na ya kwake. Hahitaji kadi, bamba wala mwezi.

#23 MamaSpea

Fundi, hili zuri sana. Taa zangu zote zinazo, nimetoka kuangalia sasa hivi. Ila mteja mwingine taa yake imevunjika vipande au imeibwa, ndiyo maana ananunua.

#24 FundiWaKona

Asome ya upande wa pili. Kwa nyuma kulia na kushoto kwa kawaida zinabeba namba ileile ya lenzi, na herufi R na L zinaonyesha upande. Zote mbili zikiwa hazipo, hapo rudi kwa mzee #5.

#25 Taa_Nyekundu

Na kama upande wa pili ulishawahi kubadilishwa ukawekwa wa sura nyingine? Yule wa #6 tumeshasikia ndoto zake.

#26 Kipepeo_88

😂 Niacheni, sijafunga bado.

#27 FundiWaKona

Magari ya mtumba yapo yaliyobadilishwa, siwezi kukataa. Lakini hapo hata kiwanda hakitakusaidia, kwa sababu katalogi itakuambia gari lilitoka na nini, haitakuambia lina nini leo. Ndiyo maana picha ya gari lenyewe bado inahitajika.

#28 NatiNaBoliti

Jamani kwa nini hamtumii namba ya kipuri ya kiwandani? Toyota wana tarakimu kumi, tano za mwanzo zinataja aina ya kipuri. 81550 ni taa ya nyuma kulia, 81560 kushoto. Andika namba kamili, mnunuzi anaitafuta, hakuna cha mwaka wala sura.

#29 MzeeWaKatalogi

Namba ya kipuri ndiyo ushahidi bora kuliko vyote, na iwemo kwenye tangazo kila inapopatikana. Ila ina mitego miwili.

Kwanza, Toyota hubadilisha namba. Kipuri kikiboreshwa au kikibadilishiwa mtengenezaji kinapewa namba mpya inayorithi ya zamani. Mnunuzi ana taa ya zamani yenye karatasi ya namba ya kwanza, wewe umeandika namba mpya, anaona tofauti, anakimbia. Au anaagiza, anaona namba ngeni, anarudisha kipuri kilicho sahihi. Ukijua namba iliyorithiwa andika zote mbili: "inachukua nafasi ya namba hii".

Pili, 81550 ni taa nzima. 81551 ni lenzi na kasha lake tu, bila waya na vishikio vya balbu. Nimeona mtu anauza 81551 kwa jina la "taa kamili", mnunuzi anafika gereji hana pa kuchomeka balbu. Namba ilikuwa ya gari lake sawasawa. Kwa hiyo andika pia kinachokuja ndani ya boksi.

#30 NatiNaBoliti

Hilo la 81551 sikulijua. Asante mzee.

#31 Binti_Giaboksi

Na "kulia" ni kulia kwa nani? Kwa taa ya nyuma mtu anasimama nyuma ya gari, anaona sawa na dereva. Kwa taa ya mbele anasimama mbele ya gari akilitazama, kulia kwake ni kushoto kwa gari. Wengine wanaandika "upande wa dereva", sasa usukani wa gari la Japani uko kulia na wa soko jingine uko kushoto.

#32 BoltiNane

Kulia ni ukiwa umekaa ndani unatazama mbele. Kiwanda kinahesabu hivyo, mafundi wote wanahesabu hivyo.

#33 Binti_Giaboksi

Mafundi ndiyo. Wanunuzi si mafundi.

#34 MamaSpea

Nimejaribu kuandika upya kwa kufuata mlivyosema. Hebu mnikosoe:

"Taa ya nyuma ya Toyota PREMIO, sura ya kwanza, KULIA (ukikaa ndani ya gari ukitazama mbele).
Inafaa: Premio NZT240, ZZT240, ZZT245, AZT240 zilizotengenezwa kabla ya Desemba 2004.
Haifai: Allion yoyote. Premio ya sura ya pili. Premio T260 ya kuanzia Juni 2007.
Mwaka ulioandikwa kwenye kadi unaweza kuwa wa kusajiliwa. Kadi ikisema 2004 au 2005, linganisha namba ya lenzi iliyo kwenye picha ya tatu na ya taa yako, au nitumie picha ya gari kwa nyuma kabla ya kulipa.
Inakuja na vishikio vya balbu na waya. Balbu hazimo."

#35 FundiWaKona

Safi sana. Hiyo sehemu ya "Haifai" ndiyo wauzaji wengi hawana. Mwenye Allion akiona gari lake limetajwa kwamba halifai, anasimama hapohapo.

#36 MzeeWaKatalogi

Vizuri. Ningeongeza kimoja. Umeandika "zilizotengenezwa kabla ya Desemba 2004" lakini mnunuzi atajuaje gari lake lilitengenezwa lini? Bamba la gari la Japani halina tarehe. Njia ya uhakika ni kuingiza namba nzima ya chesisi kwenye katalogi ya vipuri: inakupa mwezi wa kutengenezwa, kisha unafungua kundi la taa za nyuma na kusoma mstari wenye kipindi kinachoumeza mwezi huo. Hiyo uifanye wewe muuzaji, usimwachie yeye.

Kama namba ya chesisi haipatikani haraka, mwambie avute mkanda wa kiti mpaka mwisho. Chini kabisa kuna kitambaa chenye lebo, na mara nyingi ina mwezi na mwaka wa kutengenezwa mkanda. Gari huwa limetoka muda mfupi baada ya hapo. Mkanda ukisema Septemba 2004 na kadi ikisema 2005, umeshajua uko upande gani. Mkanda ukisema Novemba 2004, hapo ni mpakani, picha ya nyuma ya gari ni lazima.

#37 Taa_Nyekundu

Ya mkanda nimeiangalia kwangu sasa hivi, ipo kweli! Kadi 2006, mkanda 2005.

#38 BoltiNane

Mikanda nayo hubadilishwa gari likipata ajali. Tazama ya viti vyote, si mmoja.

#39 Dereva_Mstaafu

Tangazo zuri, ila nasisitiza: hakuna atakayefika mstari wa nne. Watu wako kwenye simu, wanaona kichwa, picha ya kwanza na kitufe. Maneno "sura ya kwanza" na "si Allion" yawe kwenye kichwa, na picha ya kwanza iwe gari zima kwa nyuma lenye taa hiyo, si taa peke yake juu ya boksi. Mtu hajui sura ya kwanza ni ipi kwa maneno. Akiona nyuma ya gari atajua kama ni lake.

#40 MamaSpea

Mzee wangu, hapo umenigusa. Picha ya gari zima sikuwahi kuweka.

#41 PistoniMpya

Picha ya gari zima ina hatari yake. Kuna mtu ataona gari la rangi yake, ataagiza bila kusoma kabisa.

#42 NatiNaBoliti

Kwa nini usifunge tu? Hakuna kulipa mpaka mteja atume namba ya chesisi. Baadhi ya majukwaa makubwa yana jedwali la magari ambayo kipuri kinafaa, mnunuzi anachagua gari lake na mfumo unamwambia ndiyo au hapana.

#43 MzeeWaKatalogi

Majedwali hayo yanasaidia pale orodha ya magari ilipojengwa kwa soko husika. eBay wanayo, na Ulaya wauzaji wengi wanategemea data ya TecDoc. Shida ni kwamba orodha zilizojengwa kwa magari ya Marekani au Ulaya hazikusudiwi kwa Premio iliyouzwa Japani tu, na muuzaji asipoliona gari lake huchagua linalokaribia, Corolla au Avensis. Hapo jedwali lenyewe linageuka chanzo cha makosa, na mnunuzi analiamini kuliko maandishi yako.

#44 Binti_Giaboksi

Nami kama mnunuzi nikilazimishwa kutuma namba ya chesisi kabla ya kulipa taa, nitaenda kwa mwingine. Si kwa ubaya. Niko kazini, gari liko nyumbani, nataka kumaliza.

#45 FundiWaKona

Na kwa huyo mwingine utapelekewa ya Premio tena.

#46 Binti_Giaboksi

Inawezekana. Lakini nasema watu wanavyofanya.

#47 MamaSpea

Nafikiri nitagawanya. Kadi ya 2002, 2003 au 2006 na kuthibitisha kwamba ni Premio, alipe moja kwa moja. Kadi ya 2004, 2005 au 2007, nasubiri picha au namba ya chesisi. Kuwasumbua wote kwa ajili ya miaka hiyo mitatu si haki.

#48 BoltiNane

Ya 2004 kwa nini? Kabla ya Desemba 2004 zote ni sura ya kwanza.

#49 MzeeWaKatalogi

Kwa wale wa Desemba yenyewe, na kwa nchi ambazo kadi inaandika mwaka wa kutengenezwa kwa kukadiria. MamaSpea aiache ndani. Na kuna waliosajili gari miezi mingi baada ya kutengenezwa, kwa hiyo hata 2006 sina amani nayo moja kwa moja.

#50 BoltiNane

Gari likae kwa muuzaji Japani zaidi ya mwaka? Siamini.

#51 MzeeWaKatalogi

Kukaa mwaka mzima ni nadra, nakubali. Lakini kadi nyingine ina mwaka wa kusajiliwa nchini lilikofika, na huo unaweza kuwa mbele kwa miaka kadhaa.

#52 Kipepeo_88

MamaSpea, ile ya sura ya pili kulia unayo na namba ya lenzi imepigwa picha? Nataka kuiweka mezani kama mzee alivyosema.

#53 MamaSpea

Ninayo Kipepeo. Nitumie kwanza picha ya nyuma ya gari lako na ya soketi ya waya ikiwa imechomolewa, nikupigie ya kwangu kutoka pembe hiyohiyo. Tukiona soketi hazifanani sikuuzii.